Bomba na shafti iliyojaa, uzito mmoja: mbona bomba ndilo kaidi kuzungusha?

Fundi Mdogo wa Ngamiani

Shikamooni wakubwa, na wenzangu mambo vipi. Nina swali la karakana ambalo limetugawa hapa kazini.

Tuna mashine ya kienyeji ya kukunjia uzi wa katani. Unazungusha rimu ya baiskeli kwa mkono, mkanda wa tyubu unatoka kwenye rimu kwenda kwenye puli ndogo, na puli inazungusha shafti ya mita moja iliyokaa juu ya beringi mbili. Uzi unajikunja juu ya shafti yenyewe. Rimu ina kipenyo cha sentimita 60, puli sentimita 6, kwa hiyo mkono ukizunguka mara moja shafti inazunguka mara 10.

Shafti ya zamani ilikuwa chuma kilichojaa cha milimita 30. Ilipinda katikati, bosi akasema itoke, liwekwe bomba. Tukapata bomba la milimita 60 kwa nje, unene wa ukuta milimita 4. Kwenye ncha tumechomelea vipande vifupi vya chuma cha milimita 30 ili beringi zilezile na puli ileile viingie. Nikapandisha bomba kwenye mizani ya muuza vyuma: kilo tano na nusu. Nikapandisha na shafti ya zamani: kilo tano na nusu vilevile.

Sasa tatizo. Ile ya zamani ukivuta mkono tu inaitika. Hii mpya ukianza kwa pupa, mkanda unateleza juu ya puli mpaka unanuka mpira. Na kusimamisha ndiyo balaa: unaachia, bomba bado linakwenda, mkono wa rimu unazunguka na kukupiga kifundo. Mwenzangu mpaka sasa ana uvimbe.

Bosi anasema beringi zimekauka grisi. Mimi nimezifungua, ziko safi. Halafu beringi kavu si ingelifanya bomba lisimame upesi? Hili linachelewa kusimama. Uzito ni mmoja, urefu ni mmoja. Bomba linapata wapi ukaidi huu?

Dereva wa Fuso

Dogo, mizani hiyo imekudanganya, wauza vyuma unawajua. Bomba siku zote ni jepesi kuzungusha. Lala chini ya Fuso uangalie propela shafti: ni bomba, siyo chuma kizima. Mjapani siyo mjinga. Kama chuma kilichojaa kingekuwa rahisi kuzungusha, angeweka kilichojaa.

Mwalimu Zai

Kaka wa Fuso, propela shafti uliyoitaja ni bomba kweli, ila umelinganisha kitu kingine. Ukichukua propela shafti ya unene uleule kwa nje ukaijaza chuma, utapata dude zito zaidi, na ndiyo, litakuwa gumu zaidi kuzungusha, maana umeongeza chuma na hukupunguza chochote. Hapo ni unene sawa, uzito tofauti. Fundi Mdogo ana uzito sawa. Kwake chuma hakikuongezwa wala kupunguzwa, kimehamishwa tu kutoka katikati kwenda pembeni. Maswali haya mawili majibu yake yanapishana, na ndiyo maana watu hubishana usiku kucha bila kufikiana.

Fundi, mizani yako iko sawa. Nimepiga hesabu ya vipimo ulivyotoa: chuma kilichojaa cha milimita 30 ni kama kilo 5.5 kwa mita, na bomba la 60 lenye ukuta wa 4 nalo ni kama kilo 5.5 kwa mita. Bila kukusudia mmepata jozi ambayo mwalimu angeitafuta mwezi mzima.

Mizani inakwambia chuma ni kiasi gani. Haikwambii kimekaa wapi. Kwenye kuzungusha, kilipokaa ndicho kinachoamua.

Chukulia shafti ni chembe nyingi ndogo za chuma. Umewahi kuona gwaride likikata kona? Mstari ni mmoja na wote wanamaliza kugeuka pamoja, lakini aliye ndani anapiga hatua papo hapo, na aliye nje anatupa miguu mirefu ili asiachwe. Chembe za shafti ziko hivyohivyo. Zote zinamaliza mzunguko kwa muda mmoja, ila iliyo mbali na mhimili mara mbili ina duara refu mara mbili, kwa hiyo lazima ifikishwe kwenye mwendo mkubwa mara mbili. Hapo umeshalipa mara mbili.

Kuna malipo ya pili. Nguvu yako inaingilia kwenye puli, haiishiki ile chembe moja kwa moja. Msukumo uleule ukitakiwa kufika mbali na mhimili mara mbili, puli inadaiwa msokoto mkubwa mara mbili. Mbili kwa mwendo, mbili kwa umbali: jumla mara nne. Chembe ikikaa mbali mara tatu inadai mara tisa. Ndiyo maana umbali unaingia kwenye hesabu ukiwa umezidishwa kwa wenyewe.

Sasa bomba lako halina hata chembe moja karibu na mhimili. Yote iko kati ya milimita 26 na 30. Shafti yako ya zamani chembe yake ya mbali kabisa ilikuwa milimita 15, na nyingine nyingi zilikuwa ndani zaidi, zinazunguka karibu bure.

Mlinzi wa Zamu

Naomba kupinga. Mimi lindoni nina kipande cha bomba na kipande cha nondo, urefu mmoja, uzito haupishani sana. Nikishika katikati na kuzungusha kama feni ili usingizi uishe, sioni tofauti yoyote. Tena bomba naliona rahisi, kwa sababu linajaa mkononi. Haya mambo ya chembe ni ya darasani.

Mwalimu Zai

Mlinzi, unachosema ni kweli, ila unazungusha upande mwingine. Wewe unazungusha ncha kwa ncha, kama feni. Fundi anazungusha kama kijiti cha kupekecha, kwenye urefu wake.

Ukizungusha kama feni, umbali unaohesabika ni ule wa kutoka kiganjani kwako hadi kwenye ncha. Kwa kipande cha mita moja ni nusu mita kila upande, milimita 500. Kama chuma kiko milimita 15 au 28 kutoka katikati ya unene, hiyo ni takataka mbele ya 500. Kwa hiyo bomba na nondo vinakuwa karibu sawa kabisa, na mkono wako hauwezi kuvitofautisha. Uwazi wa bomba unaleta ubishi pale tu unapozungusha kwenye mhimili wa urefu wake, au kipande kikiwa kifupi kama kopo.

Mlinzi wa Zamu

Sawa mwalimu. Kijiti cha kupekecha nimekielewa. Naendelea na feni yangu.

Binti wa Bagamoyo

Samahani jamani, mimi niko Bagamoyo, nasoma kidato cha tano. Daftari langu linasema kitu kilichojaa ni `I = ½MR²` na bomba jembamba ni `I = MR²`, ambapo `I` ndiyo huo ukaidi wa kuzungushwa, `M` ni uzito na `R` ni nusu kipenyo cha nje. Hiyo ni mara mbili tu. Na bomba la Fundi si jembamba sana, kwa hiyo hata mbili haifiki. Mara mbili ndiyo iteleze mkanda?

Mwalimu Zai

Swali zuri, na linawanasa wengi. Daftari lako linachukulia `R` ni moja kwa vyote viwili: uzito sawa na unene wa nje sawa. Lakini jiulize, kama unene wa nje ni mmoja na uzito ni mmoja, na urefu ni mmoja, chuma kinaweza kuwa kimoja? Hakiwezi. Kile kilichojaa lazima kiwe cha kitu chepesi zaidi, mti au plastiki au aluminiamu, na bomba liwe la chuma. Hapo ndipo tofauti inakuwa mara mbili, na haizidi hapo hata ukuta wa bomba uwe mwembamba kama karatasi.

Fundi ametumia chuma hichohicho. Chuma hichohicho, uzito huohuo, urefu huohuo: bomba halina njia ila kuwa nene zaidi. Kwa hiyo amelipa mara mbili, kwa uwazi na kwa unene.

Tuhesabu bila kukariri. Kwenye shafti iliyojaa ya nusu kipenyo milimita 15, nusu ya chuma chote iko ndani ya milimita 10.6 kutoka kwenye mhimili, nusu iko nje ya hapo. Siyo milimita 7.5 kama wengi wanavyodhani, kwa sababu duara la nje ni refu, linabeba chuma kingi kuliko la ndani. Ukifanya hesabu kamili, shafti hiyo inajibu mkono kana kwamba chuma chote kimekaa milimita 10.6 kutoka katikati. Bomba la Fundi linajibu kana kwamba chuma chote kimekaa milimita 28. Gawa 28 kwa 10.6, unapata kama 2.65. Zidisha kwa yenyewe: 7.

Mara saba, Binti. Kati ya hizo, mara 4 ni kwa sababu kipenyo kimekuwa maradufu, na mara 1.75 ni kwa sababu ya uwazi. Kwa hiyo ulikuwa sahihi kwamba mbili haifiki, ila ulisahau ile nne.

Dereva wa Fuso

Mara saba? Kwa kilo zilezile? Mwalimu, mimi sibishani na chaki. Ila kama ni hivyo, Mjapani kaweka bomba kwenye gari kwa sababu gani? Hilo hujajibu.

Mzee wa Mashine ya Kukereza

Mwanangu wa Fuso, hilo ngoja nilijibu mimi, maana mikono yangu imekereza shafti mpaka nimestaafu.

Propela shafti kazi yake kubwa siyo kuwa nyepesi kuanza. Kazi yake ni kupeleka msokoto wa injini nyuma bila kujinyonga, na kukaa imenyooka kwenye mwendo mkali bila kupigapiga. Kwa kazi hiyo chuma cha katikati ni abiria tu. Kinachoizuia shafti isijinyonge ni chuma cha pembeni. Sasa angalia ujanja: chuma kikienda pembeni, shafti inakuwa ngumu kunyongwa kwa kipimo kilekile inachokuwa ngumu kuanza kuzunguka. Bomba la huyu kijana ni gumu mara 7 kuanza, na pia ni gumu mara 7 kunyongwa kuliko ile ya 30. Na kupinda pia. Bosi wake alitaka shafti isiyopinda, na ameipata. Bili imekuja upande wa pili.

Kwenye gari bili hiyo huioni, kwa sababu injini inasukuma tani nzima za mzigo. Ukaidi wa propela shafti mbele ya hizo tani ni kama haupo.

Kitu kingine, msichanganye kuanza na kuendelea. Bomba likishafika mwendo wake, halidai zaidi ya shafti iliyojaa. Hapo unalipia msuguano wa beringi na upepo kidogo, basi. Ndiyo maana kijana analalamikia mwanzo na mwisho tu, katikati hakusema kitu. Na alivyosema kuhusu beringi alisema la maana: beringi mbovu inakula mwendo wakati wote na kusimamisha upesi. Ukaidi wa chuma unachelewesha kuanza na unachelewesha kusimama. Fundi akitaka kujua ugonjwa ni upi, aachie shafti izunguke bila mkanda, asikilize, aone inachukua muda gani kutulia.

Fundi Mdogo wa Ngamiani

Shukrani zote ziende kwenu wazee wangu. Nimetoa mkanda kama Mzee alivyosema, nikazungusha bomba kwa kiganja. Linakwenda kimya kabisa, halina mkwaruzo, na halina haraka ya kutulia. Beringi ziko salama. Bosi ameguna tu.

Kaka wa Sahare

Dawa ni rahisi. Ziba ncha, jaza mchanga mkavu ndani. Litakuwa limejaa, na kilichojaa ni rahisi kuzungusha. Tatizo limekwisha.

Binti wa Bagamoyo

Kaka wa Sahare, si utakuwa umeongeza uzito? Chuma cha pembeni bado kipo palepale, na mchanga nao unataka kuzungushwa.

Kaka wa Sahare

Lakini wamesema kilichojaa ni rahisi.

Mwalimu Zai

Ni rahisi kwa uzito uleule. Kujaza hakujawahi kupunguza ukaidi wa kitu hata kidogo, maana kila punje utakayoweka ndani nayo itadai sehemu yake. Binti amekujibu vizuri.

Binti, ukitaka kuiona hii kwa macho, tafuta ubao wa mita mbili, ulionyooka. Weka kitu cha sentimita 10 chini ya ncha moja. Juu weka kipande cha mti wa mviringo na kipande cha bomba, viachie pamoja viviringike. Mteremko usizidi sana hapo, vikianza kuteleza badala ya kuviringika jaribio limeharibika.

Binti wa Bagamoyo

Nimefanya! Nimechukua kipande cha mpini wa jembe uliovunjika na kipande cha bomba la plastiki la maji, nene kidogo kuliko mpini. Mpini umeshinda kila nilipoachia. Nikadhani labda ni kwa sababu bomba ni kubwa. Nikatafuta kipande chembamba, bado mpini.

Dereva wa Fuso

Mpini ni mzito kuliko plastiki. Kizito kinashuka haraka, hiyo hata mtoto anajua. Sisi tunaoteremka milima na mzigo tunaijua hiyo.

Binti wa Bagamoyo

Nilijua utasema hivyo, kaka. Nimekwenda kuazima kipande cha bomba la chuma kwa fundi wa jirani, kizito, ukikiangushia mguuni unalia. Mpini wa mti bado umefika kwanza.

Dereva wa Fuso

Ubao wako umepinda.

Mwalimu Zai

Kaka, kwenye mteremko uzito unajifuta. Kizito kinavutwa zaidi, lakini pia kinadai nguvu zaidi kusogezwa, kwa kiasi kilekile. Kinachobaki ni namna kilivyokaa ndani: kilichojaa kinatumia sehemu ndogo ya mvuto wake kujizungusha, bomba linatumia sehemu kubwa, kwa hiyo bomba linabaki na kidogo cha kusogea mbele.

Fundi akiweka shafti yake ya zamani na kipande cha bomba lake kwenye ubao huo wa mita mbili, shafti itafika chini kwa kama sekunde 3.5, na bomba kwa kama 3.9. Shafti ikigusa chini, bomba litakuwa nyuma kama sentimita 40. Inaonekana kwa macho bila saa.

Fundi Mdogo wa Ngamiani

Mwalimu hapo umenichanganya. Kama bomba ni kaidi mara saba, mbona kwenye ubao linachelewa kidogo tu? Si lingepaswa kubaki juu linaniangalia?

Mwalimu Zai

Nilikuwa nasubiri mtu aulize hilo.

Kwenye ubao, bomba lako nene halihitaji kuzunguka mara nyingi kama shafti. Duara lake ni refu mara mbili, kwa hiyo kwa safari ileile linazunguka nusu ya mizunguko. Ile nne iliyotokana na unene inajifuta yenyewe, inabaki 1.75 ya uwazi. Na hata hiyo 1.75 inakula upande mmoja tu, kwa sababu sehemu nyingine ya mvuto inakwenda kwenye kukiteremsha kitu, siyo kukizungusha. Ndiyo maana kwenye ubao hata bomba lako na la Binti, la chuma na la plastiki, nene na jembamba, yote yanafika karibu pamoja, yakitofautiana kidogo kwa unene wa ukuta.

Kwenye mashine yako hali ni nyingine. Puli ni ileile, kwa hiyo umelilazimisha bomba lizunguke kwa kasi ileile ya shafti nyembamba. Hapo unalipa saba nzima.

Mzee wa Mashine ya Kukereza

Mwalimu, hapo umegusa penyewe. Hebu tupigie hesabu ya mkononi. Mkono wa rimu hizi kwa kawaida uko kama sentimita 20 kutoka kwenye ekseli.

Mwalimu Zai

Sawa, Mzee. Tuseme Fundi anavuta kwa pupa, anataka mkono ufike mzunguko mmoja kwa sekunde ndani ya nusu sekunde. Shafti inatakiwa kufika mizunguko 10 kwa sekunde. Ile rimu na puli zinakuza ukaidi wa shafti mara 100 kabla haujafika mkononi: mara 10 kwa sababu shafti inakwenda kasi mara 10, na mara 10 tena kwa sababu msokoto unaporudi kwenye rimu unakuzwa vilevile.

Kwa shafti ya zamani, mkono ulikuwa unasukuma kama unainua gramu 400 hivi. Kwa bomba, kama kilo 2.8. Ongeza rimu yenyewe, ambayo ikiwa na kilo moja ukingoni inadai kama nusu kilo na ushei, na haikubadilika. Kwa hiyo mkononi hutahisi mara saba kamili, utahisi kama mara tatu na nusu. Lakini mkanda hauoni rimu, mkanda unabeba bomba peke yake. Ule umepata saba yote. Ndiyo maana umeanza kuteleza.

Kaka wa Sahare

Na mimi nina swali la kweli sasa. Tusijaze mchanga, tujaze maji, tuzibe ncha. Kwenye ubao wa Binti itakuwaje?

Mwalimu Zai

Hiyo nzuri. Maji hayakushikamana na ukuta. Bomba likianza kuviringika, maji mengi ya ndani hayazunguki nalo mwanzoni, yanateremka tu. Kwa hiyo yanaongeza mvuto bila kudai mzunguko, na bomba lililojaa maji mpaka pomoni litalishinda bomba tupu.

Kaka wa Sahare

Na litamshinda mpini?

Mwalimu Zai

Inategemea ukuta una uzito gani ukilinganisha na maji yaliyomo. Ukuta mwembamba wa plastiki, maji mengi, linaweza. La chuma nene kama la Fundi, sitii dau. Na ukiacha nafasi ya hewa ndani, maji yanapigapiga na hesabu inaharibika.

Binti wa Bagamoyo

Na uji?

Mwalimu Zai

Uji mwepesi au uji mzito? Jaribu utuletee jibu, ila usimwambie mama yako kwamba ni mimi niliyekutuma.

Dereva wa Fuso

Mimi bado nasema ubao wa yule binti umepinda. Lakini hili la mkanda limeniingia.

Mzee wa Mashine ya Kukereza

Turudi kwa kijana, maana ana kazi ya watu. Usitupe bomba, mwanangu. Usirudishe ile shafti ya 30, itapinda tena. Badilisha puli. Toa ya sentimita 6, weka ya sentimita 12.

Sababu ni hii. Zamani uzi ulikuwa unajikunja kwenye duara la milimita 30, sasa unajikunja kwenye 60. Mzunguko mmoja wa bomba unakunja uzi maradufu. Kwa hiyo huhitaji tena mizunguko 10 kwa kila mzunguko wa mkono. Mitano inakupa uzi uleule kwa dakika ileile. Nina hakika siku hizi uzi unakujia kasi mpaka anayeulisha analalamika.

Fundi Mdogo wa Ngamiani

Analalamika kweli! Alisema tumekuwa na haraka ya mahindi mabichi. Hatukujua ni bomba.

Mwalimu Zai

Mzee, heshima yako. Na hesabu inakubali: kwa puli ya 12 ukaidi unaofika mkononi unakuzwa mara 25 badala ya 100. Kile cha kilo 2.8 kinashuka hadi kama gramu 700. Ukilinganisha na gramu 400 za shafti ya zamani ni mara 1.75, ileile ya uwazi tuliyoiona kwenye ubao. Nne ya unene imefutika kwa sababu sasa bomba linazunguka nusu ya mizunguko.

Fundi Mdogo wa Ngamiani

Na mkanda utaacha kuteleza?

Mzee wa Mashine ya Kukereza

Utatulia sana. Ulikuwa unavutwa mara saba, sasa utavutwa chini ya mara mbili ya zamani, maana bomba linaongezewa mwendo nusu ya mwanzo, na puli kubwa ina mkono mrefu zaidi wa kulisokota. Na puli kubwa inashikwa na mkanda kwenye kipande kirefu zaidi, hiyo ni faida ya pembeni. Kusimamisha bado kutakuwa kuzito kidogo kuliko zamani, kwa hiyo wafundishe wenzako wasiachie mkono wa rimu, waushike mpaka utulie. Ukiweza funga kipande cha ngozi kibane ukingo wa rimu kama breki.

Jambo moja usisahau: puli ikikua, mkanda wako hautafika. Utapungukiwa kama sentimita 9. Ama sogeza rimu karibu na beringi kwa sentimita 4 na nusu hivi, ama kata tyubu mpya.

Fundi Mdogo wa Ngamiani

Rimu tumeichomelea kwenye fremu, haisogei.

Mzee wa Mashine ya Kukereza

Basi kata tyubu. Na usiikate kabla puli haijakaa mahali pake, pima kwa kamba kwanza.